Nitaandikaje maoni kuhusu kliniki ya binafsi (kungoja kwa muda mrefu, mawasiliano mabaya) bila kufichua siri ya mgonjwa? – Lubumbashi

Nyota wa Kampemba
Jambo kwenu wote. Hivi karibuni nilimsindikiza mtu wa nyumbani kwangu katika kliniki moja ya binafsi hapa mjini, ambayo jina lake sitalitaja katika uzi huu. Tulifika saa 2:10 asubuhi na tukatoka saa 9:30 alasiri. Daktari mwenyewe tulikaa naye kama robo saa asubuhi na robo saa nyingine mwishoni. Muda wote uliobaki ulikuwa wa kukaa kwenye benchi, na hakuna aliyetueleza tunangoja nini. Kibaya zaidi, muuguzi mmoja alisimama mlangoni akatamka kwa sauti kubwa jambo la mgonjwa wangu ambalo wote waliokuwa chumbani walilisikia.

Nataka kuandika maoni kwenye ukurasa wa kliniki hiyo kwenye Google Maps, kwa sababu mimi mwenyewe niliichagua baada ya kusoma sifa zilizoandikwa pale, na hakuna hata mmoja aliyetaja kungoja. Rasimu yangu ya kwanza inasema hivi:

«Tulikwenda Alhamisi na mtu wa nyumbani kwangu kumwona daktari bingwa. Tulifika saa 2:10, tukaitwa saa 5:20, tukatumwa maabara saa 6:00, matokeo tukayapata saa 8:30. Hatukuambiwa lolote. Tena muuguzi alitangaza mambo yetu mbele ya watu.»

Sijaandika jina la mtu wala la ugonjwa. Je, inatosha? Na je, niseme kosa ni la nani, wakati sijui saa zote zile zilipotelea wapi?

Mzee wa Kamalondo
Pole, mwanangu. Usiandike chochote. Siri ya hospitali inalindwa na sheria, na anayeitoa nje anaweza kufungwa. Peleka malalamiko yako kwa mkubwa wa kliniki, uyaache pale.

Wakili Kijana
Mzee, naomba kukusahihisha kwa heshima, kwa maana jambo hili huchanganywa mara nyingi. Kifungu cha 73 cha Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu kinamwadhibu yule aliyekabidhiwa siri kwa sababu ya kazi yake, yaani daktari, muuguzi, mkunga, mtu wa mapokezi na wengine wa namna hiyo. Mgonjwa si mtunza siri wa kliniki. Siri ni yake, na akitaka kuisimulia mwenyewe hakuna anayemzuia.

Lakini Nyota si mgonjwa. Nyota ni msindikizaji, na siri anayoibeba ni ya mtu mwingine, mtu ambaye kifungu cha 31 cha Katiba ya 2006 kinampa haki ya kuheshimiwa katika maisha yake ya faragha. Kwa hiyo swali la kwanza, kabla ya kupanga maneno, ni kama mgonjwa mwenyewe amekubali.

Kuna na kifungu cha 74, kinachohusu kumshutumu mtu hadharani, kwa nia mbaya, kwa jambo mahususi linalomvunjia heshima. Wengi hudhani kwamba wakisema kweli wamekwisha kuokoka, lakini kifungu chenyewe hakisemi kwamba ukweli peke yake unamwokoa msemaji. Ndiyo maana nawashauri watu waandike walichokiona na walichokisikia, wasiandike sababu wanazozidhania. «Tulingoja zaidi ya saa mbili kabla ya kuitwa» ni jambo uliloliona. «Daktari alikuwa amezurura» ni shutuma.

Mpima Damu
Nimefanya kazi ya maabara katika kliniki za binafsi za mji huu kwa miaka mingi, kwa hiyo nitajibu yale ninayoyajua.

Nyota, katika rasimu yako neno la hatari kubwa ni «Alhamisi». Katika kliniki nyingi za hapa daktari bingwa hakai kila siku. Anakuja siku moja au mbili kwa juma, na ratiba yake imebandikwa ukutani mwa mapokezi, mahali ambapo kila mpita njia anaisoma. Ukiandika siku na ukaandika «daktari bingwa», jirani yako anakwenda kusoma karatasi ile ya ukutani na anajua tayari ni sehemu gani ya mwili iliyokuwa inatazamwa. Umetaja ugonjwa bila kuutaja.

Hatari ya pili ni saa zenye dakika. Waliokuwa kwenye benchi siku ile walikuona. Wakisoma 2:10, 5:20 na 8:30, wanakumbuka: «Ni yule mama aliyekaa karibu na dirisha pamoja na binti yake.» Wafanyakazi nao wana daftari la kuandikisha lenye saa zile zile. Andika «asubuhi na mapema», andika «zaidi ya saa mbili». Msomaji anayetafuta kliniki hapotezi chochote kwa kukosa dakika.

Na kuna jambo ambalo watu hawalifikirii: urefu wa muda wa maabara wenyewe unasema kipimo. Ukiandika kwamba mliambiwa mrudi baada ya siku tatu kuchukua matokeo, mtu wa kazi yangu anabakiwa na orodha fupi sana ya vipimo vinavyohitaji siku tatu. Ukiandika kwamba mgonjwa alikatazwa kula tangu jana yake, orodha inafupika tena. Bei ya kipimo nayo ni hivyo hivyo, kwa kuwa bei zimebandikwa.

Mama Riziki
Asante kwa uzi huu. Mimi pia niliteseka katika kliniki moja ya upande wa Katuba, niliingoja dawa mpaka jioni. Nilikuwa na *[maneno yamefutwa na msimamizi]* na wakanipa vidonge ambavyo vilinizidishia kizunguzungu. Je, kuna anayejua dawa nyingine nzuri kwa hali hiyo?

Msimamizi
Mama Riziki, pole. Nimefuta maneno machache kwa sababu jina unalolitumia hapa ndilo ulilotumia ulipouza cherehani mwezi uliopita, na chini ya tangazo lile kuna nambari yako ya simu. Kuhusu vidonge, tafadhali urudi kwa aliyekuandikia umweleze kizunguzungu hicho. Hapa hatutoi dawa. Tuendelee na suala la Nyota.

Mama Riziki
Nimeelewa, asante. Sikuwa nimefikiria kwamba mambo hayo mawili yanaweza kuunganishwa.

Karani wa Zamani
Nilikaa mapokezi ya polikliniki kwa muda mrefu, na ningependa kurudi kwenye swali la pili la Nyota, la saa zile zilipotelea wapi, kwa sababu watu wengi huandika «tulingoja siku nzima» na mwenye kliniki anasoma, anatikisa kichwa, na hajui hata aanzie wapi kurekebisha.

Kungoja si kumoja. Kuna kungoja fishi. Kuna kungoja kwenye dirisha la malipo. Kuna kungoja kupimwa joto, presha na uzito. Kuna kungoja daktari, kungoja maabara, kisha kungoja daktari mara ya pili, na mwishowe kungoja dawa. Kila benchi lina mwenye nalo. Nyota, ukitaka maoni yako yafanye kazi, sema ni benchi lipi lililowala muda, na hapo hutakuwa umetaja ugonjwa wa mtu yeyote.

Unaweza kulitambua kwa kutazama mikono ya watu. Wengi wakiwa hawana karatasi yoyote mkononi, basi kizuizi kiko mapokezi. Mara nyingi mtu amesahau kadi yake ya nambari, na karani anaitafuta fishi ya zamani kwa jina kwenye rafu, huku wenye jina hilo hilo wakiwa kumi. Wengi wakiwa na risiti na hakuna anayeingia, daktari hayupo au ana mgonjwa mzito ndani. Na watu wakitoka kwa daktari na kurudi kukaa tena, na benchi likazidi kujaa kuelekea mchana, basi ni maabara au ni ile safari ya pili kwa daktari.

Nyota, je, mlikuwa na karatasi gani? Risiti za siku hizi huandikwa saa.

Nyota wa Kampemba
Yaya Karani, nimezitazama karatasi zote usiku huu, na mmenifumbua macho. Risiti ya kwanza ni ya saa 2:50. Kwenye fishi kuna saa ambayo muuguzi alimpima, 3:05. Basi hadi hapo hakukuwa na shida kubwa, chini ya saa moja kwa hatua tatu. Kutoka hapo hadi kuitwa na daktari ni saa mbili na robo. Tulitoka kwake 5:35, tukalipa, na damu ikachukuliwa saa 6:00.

Sasa lililonishangaza ni hili: karatasi ya matokeo imeandikwa saa 7:20, nasi tuliitwa kuyapokea saa 8:30, kisha tukangoja tena robo tatu saa mpaka daktari akatupokea 9:15. Mimi nilikuwa tayari kuilaumu maabara kwa saa mbili na nusu. Kumbe maabara ilimaliza kwa saa moja na dakika ishirini, na karatasi ikalala mahali fulani kwa saa moja na dakika kumi.

Mpima Damu
Nashukuru kwamba umeitazama saa hiyo kabla ya kuandika, kwa sababu maabara hulaumiwa daima. Bila kujua kipimo chenu, wala sitaki kukijua, nitasema tu kwa ujumla kwamba vipimo vingi vya damu vina muda ambao haupunguziki. Damu ikihitaji kuganda, inaachwa kwenye mrija karibu nusu saa, kisha inazungushwa kwenye mashine dakika kumi hivi, ndipo mtu aanze kupima. Tena hatuwashi mashine kwa mrija mmoja. Tunangoja mirija kadhaa ikusanyike. Umeme wa SNEL ukikatika na jenereta ikachelewa kuwaka, baadhi ya mashine inabidi zianze upya na zihakikishwe tena kabla ya kuaminiwa. Saa moja na dakika ishirini si ajabu kabisa.

Kwa hiyo ningewaomba wote wanaoandika maoni wasiandike «maabara ilichelewa» bila kutazama saa iliyo kwenye karatasi. Na naomba jambo la pili: msiipige picha karatasi hiyo na kuiweka kama ushahidi. Nimeona picha za namna hiyo ambazo jina limefunikwa kwa kidole, lakini nambari ya fishi, umri, jinsia, vifupisho vya vipimo na sahihi ya daktari vyote vinasomeka.

Dereva wa Kasumbalesa
Nyote mnazunguka jambo ambalo kila mtu analijua. Daktari hakuwepo. Asubuhi yuko hospitali ya serikali, mchana kliniki ya kwanza, alasiri kliniki ya pili, na hawezi kugawanyika. Saa mbili na robo za asubuhi ni barabara, na saa moja ya mchana ni barabara pia. Mimi nimewahi kumbeba daktari mmoja kutoka upande mmoja wa mji hadi mwingine huku simu yake ikilia njia nzima kwamba wagonjwa wamejaa.

Karani wa Zamani
Ndugu Dereva, hilo hutokea, nami nimelishuhudia, lakini si lazima liwe hilo. Hebu tuhesabu pamoja. Kliniki nyingi hazitoi randevu yenye saa. Zinasema tu «njooni asubuhi». Watu ishirini wanafika kati ya saa mbili na saa tatu. Daktari ni mmoja, na kila mgonjwa anachukua robo saa, yaani wanne kwa saa. Wa kwanza hangoji. Wa kumi anangoja saa mbili na robo, ambao ndio muda wa Nyota hasa. Wa ishirini anangoja karibu saa tano. Daktari anaweza kuwa amefika mapema kuliko wote, hajainuka hata kunywa maji, na wa ishirini bado ataapa kwamba hakuwepo.

Dawa ya hilo ni kuwagawa watu kwa saa, watano saa mbili, watano saa tatu na robo, na kuendelea hivyo. Pale nilipokuwa tulijaribu. Ilishindikana kwa sababu watu walizoea kufika alfajiri kushika nafasi, na aliyepewa saa nne alifika saa moja na kudai kwamba ametangulia.

Binti wa Ruashi
Mbona hakuna anayewataja watu wa kampuni? Wanafika na bono ya mwajiri wao na wanapita mbele ya sisi tunaolipa faranga zetu taslimu. Nimeliona kwa macho yangu, na si katika kliniki moja.

Karani wa Zamani
Dada, nusu ya unayosema ni kweli. Kuna kliniki ambazo mkataba wao na kampuni unaahidi kuwapokea haraka, na zingepaswa kuliandika ukutani ili kila mtu alijue kabla ya kulipa. Lakini katika nyingine mwenye bono hungoja zaidi, kwa sababu lazima tuipigie kampuni simu kuhakikisha kwamba bado ni mfanyakazi wao na kwamba kipimo kilichoagizwa kimo katika mkataba. Unamwona akiingia mbele yako kwa daktari. Humwoni akiwa amekwama saa moja nzima kwenye dirisha la malipo.

Vilevile kuna anayepita mbele kwa sababu hali yake ni mbaya. Kwa nje anaweza kuonekana mzima kabisa. Muuguzi aliyempima amekwisha kuona namba ambazo wewe huzijui, na hawezi kukuambia, kwa kuwa nayo ni siri ya mtu. Analoweza na analopaswa kusema ni hili: «Kuna mgonjwa wa haraka, tutachelewa kama nusu saa.» Hilo halifichui lolote, na kwa sababu halisemwi, kila aliye kwenye benchi anaunda hadithi yake.

Binti wa Ruashi
Nakubali kuhusu wagonjwa wa haraka. Kuhusu bono sijashawishika. Mtu mwenye koti la kampuni hakuwa na haraka yoyote, alikuwa akicheka na karani.

Wakili Kijana
Dada, na hapo umetoa mfano wa kitu ambacho hakipaswi kuingia kwenye maoni. Ukiandika «mtu mwenye koti la kampuni fulani alipitishwa mbele», umemtangaza mtu mwingine kuwa alikuwa mgonjwa siku hiyo, mahali hapo, na wenzake kazini watamjua. Siri ya wengine waliokuwa chumbani ni sehemu ya jambo hili. Andika: «Hatukuelezwa utaratibu wa nani anatangulia.»

Nyota wa Kampemba
Nawashukuru. Niulize sasa kuhusu lile la muuguzi, kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko saa saba zile. Nikiandika alichokitamka, natangaza mara ya pili kile kile ninacholalamikia. Nisipokiandika, kliniki itasema kwamba nimezua.

Mpima Damu
Dada Nyota, eleza mahali, sauti na waliosikia, uache maneno yenyewe. «Muuguzi alizungumza na mgonjwa kuhusu mambo yake ya matibabu akiwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha kungojea, kwa sauti ambayo watu wote waliokuwemo waliweza kuisikia.» Hapo msomaji anaelewa hatari iliyopo, na hajui kama lilikuwa jambo dogo au kubwa. Usiseme muuguzi alikuwa mwanamume au mwanamke, wala alikuwa amevaa nini. Katika kliniki ndogo wauguzi wa zamu ni wawili au watatu, na mtu anaweza kupoteza kazi kwa sentensi moja ya mtandaoni kabla hajasikilizwa.

Mzee wa Kamalondo
Nimesoma yote, na Wakili nimemwelewa kuhusu kifungu cha 73. Lakini shauri langu la kwanza naona bado lina nguvu. Kliniki haiwezi kujibu hadharani. Mkurugenzi akiandika pale chini «Mama, siku ile daktari wako alikuwa anafanya hivi na hivi», amekwisha kuthibitisha kwamba mlikuwa wagonjwa wake, naye anavunja siri. Basi unampiga mtu aliyefungwa mikono. Je, hiyo ni haki?

Wakili Kijana
Ni hoja nzito, Mzee, nami sina jibu linaloimaliza. Nadhani ndiyo sababu zinahitajika karatasi mbili tofauti. Ya kwanza ni barua kwa daktari mkurugenzi, ndani ya bahasha iliyofungwa, na humo mnaweka kila kitu: tarehe, saa zenye dakika, nambari ya fishi, maneno yaliyotamkwa. Bila hayo hawezi kuchunguza. Mpeleke nakala mbili, na moja irudi na muhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe. Ya pili ni maoni ya hadharani, ambamo yote hayo yameondolewa. Kliniki ikiwa haijibu barua, kuna daktari mkuu wa zoni ya afya, ambaye ofisi yake ndiyo inayosimamia vituo vya eneo lake, vya serikali na vya binafsi.

Ila barua hiyo haiwezi kusainiwa na Nyota kama mgonjwa ni mtu mzima mwenye akili timamu. Isainiwe na mgonjwa, au iambatane na maandishi yake ya kumruhusu Nyota. Vinginevyo mkurugenzi makini atakataa hata kuifungua fishi, na atakuwa na haki.

Dereva wa Kasumbalesa
Na ile saa moja na dakika kumi? Bado nasema daktari alikuwa njiani.

Mpima Damu
Inawezekana. Inawezekana pia kwamba matokeo yaliandikwa saa 7:20 lakini yalikuwa yanangoja mkuu wa maabara ayapitie na kuyasaini. Katika sehemu nilizofanya kazi, karatasi isiyo na sahihi haitoki. Inawezekana msichana anayebeba karatasi alikuwa amekwenda kula. Katika kliniki moja karatasi zilikuwa zinawekwa kwenye sanduku, na sanduku lilikuwa linafunguliwa kila baada ya saa moja tu. Kwa kutazama karatasi ya Nyota peke yake huwezi kujua ni lipi.

Karani wa Zamani
Mimi ninamdhania mtu wa mapokezi. Kwetu matokeo yalikuwa yanafika haraka, lakini yalikuwa yanangoja wagonjwa wapya waishe kwanza, kwa sababu daktari alipenda kumaliza «wa kwanza» ndipo aanze «wa kurudi». Mwenye matokeo anajikuta mwisho wa mstari mara ya pili bila kuambiwa. Hizo robo tatu saa za mwisho zinanifanya nishuku hilo.

Nyota wa Kampemba
Nimeandika upya. Naomba muisome kwa ukali:

«Nilimsindikiza mgonjwa katika kliniki hii mwaka huu. Usafi ni mzuri, na daktari alitusikiliza kwa makini nusu saa kwa jumla. Kuandikishwa na kulipa kulichukua chini ya saa moja. Baada ya hapo tulingoja zaidi ya saa mbili kumwona daktari, na mchana tulingoja tena muda mrefu kati ya kukamilika kwa matokeo na kuitwa. Kwa jumla tulikaa zaidi ya saa saba. Katika muda huo hakuna aliyetueleza tulichokuwa tunangoja, wala utaratibu wa nani anatangulia. Vilevile mfanyakazi mmoja alizungumza na mgonjwa kuhusu mambo yake ya matibabu kwa sauti iliyosikika na wote waliokuwa chumba cha kungojea. Tumeuandikia uongozi barua yenye maelezo kamili. Anayekwenda asubuhi aombe tangu mapokezi kuambiwa saa anayokadiriwa kuitwa.»

Wakili Kijana
Ni safi. Hakuna dhana, hakuna jina, na mazuri yametajwa. Msiiweke kabla ya barua kupokelewa, kwa sababu sentensi ya «tumeuandikia uongozi» lazima iwe kweli siku inaposomwa.

Binti wa Ruashi
Ningeongeza siku ya wiki, angalau «siku ya kazi». Jumamosi mambo ni tofauti kabisa, na msomaji anahitaji kulijua hilo.

Mpima Damu
«Siku ya kazi» haimdhuru mtu, kwa kuwa zipo tano. Liweke. Mimi ningeangalia neno «matokeo», linalosema kwamba kulikuwa na kipimo, lakini karibu kila anayeingia kliniki hupimwa kitu, kwa hiyo naona halina madhara.

Karani wa Zamani
Mimi naona libaki, maana bila hilo mwenye kliniki hataona kwamba tatizo liko kati ya maabara na mlango wa daktari. Ila subirini majuma kadhaa kabla ya kuyaweka. Maoni yakitokea kesho yake, kila mfanyakazi anajua ni ya nani.

Nyota wa Kampemba
Jana jioni nilimpa mgonjwa wangu rasimu zote mbili azisome mwenyewe. Barua amekubali kuisaini bila kubadilisha neno, pamoja na maneno yote ya muuguzi. Katika maoni ya hadharani ameliacha neno «matokeo» libaki na ameongeza «siku ya kazi», lakini amefuta «zaidi ya saa saba». Anasema jirani mmoja alimwona akitoka nyumbani asubuhi na akamwona akirudi jioni, na anahesabu. Badala yake tumeandika «sehemu kubwa ya siku». Nakala mbili za barua ziko tayari, na Jumatatu nitampeleka yeye mwenyewe azikabidhi.

Mzee wa Kamalondo
Mwambie nampa pole. Barua ikijibiwa, ukipata ruhusa yake, rudi utuambie angalau jambo moja: ile saa moja na dakika kumi ilikuwa mikononi mwa nani.

Dereva wa Kasumbalesa
Barabarani, Mzee.

Karani wa Zamani
Mapokezi.